Karo la nyumba ya wapangaji: jua kilichojaa kabla hujaita gari, ndo ujue nani alipe

Nyumba ya wapangaji ikianza kunuka uani, kitu cha kwanza watu wanafanya ni kuchangishana waite gari la kunyonya. Gari linakuja, linanyonya, linaondoka, halafu wiki haijaisha maji yako pale pale na ugomvi unaanza, mpangaji anasema hela yangu imeliwa, mwenye nyumba anasema nyie maji mnayafungulia kama ya bahari. Mara nyingi hapo hakuna aliyeiba na hakuna aliyekosea makusudi. Walinyonya kitu ambacho hakiponi kwa kunyonywa, na walichangishana hela ambayo haikutakiwa ichangwe namna ile.

Nawaandikia zaidi watu wa Tanga, Makorora, Mikanjuni, Mabawa, Duga na huko kwingine ambako nyumba haijaunganishwa na bomba la majitaka la mji, lakini hata wa Bagamoyo mambo ni yale yale, pwani ni pwani.

Kwanza jua una mashimo gani

Nyumba nyingi zilizojengwa vizuri zina mashimo mawili, na wengi wetu yote tunayaita karo ndo maana tunachanganyikiwa. La kwanza ni septiki tenki, limejengwa kwa tofali na kupigwa plasta lisivuje, kazi yake ni kupokea kila kitu kutoka chooni, mavi yatulie chini yawe tope, mafuta na povu yaelee juu, na maji ya katikati yatoke upande wa pili kupitia bomba la tii, lile lenye umbo la herufi T. La pili ni sokopiti, hili limejengwa kwa tofali zilizoachiwa nafasi nafasi na halina sakafu ya zege, kazi yake ni kupokea yale maji ya katikati na kuyamezesha ardhini.

Sasa shika hili kabla ya yote: septiki tenki linalofanya kazi vizuri huwa limejaa maji muda wote. Ukifunua mfuniko ukaona maji yamefika usawa wa bomba la kutokea, hapo halina shida, ndo linavyotakiwa kuwa. Kinachofanya linyonywe ni tope lililoko chini na utando ulioko juu, siyo maji. Sokopiti ni kinyume chake, hilo linatakiwa liwe na nafasi, ukikuta maji yamepanda mpaka kwenye bomba linaloingiza basi ardhi imegoma kumeza.

Kama kwako kuna shimo moja tu linalopokea kila kitu, hapo kipimo chako ni nafasi iliyobaki juu, ikibaki nusu mita kufika mfuniko anza mipango. Na kama halijajengewa pembeni, yaani ni udongo mtupu, mwambie mtu wa gari asilikaushe lote, maana yale maji ndo yanazuia kingo zisiporomoke hasa kwenye udongo wa kichanga.

Kufungua na kukagua

Fanya hii kazi asubuhi mapema kabla watu hawajaanza kuoga, na uwe na mwenzako. Watoto ingieni ndani. Funua mfuniko uache wazi kama nusu saa, simama upande upepo unakotokea, hakuna sigara, hakuna kibiriti, hakuna kumulika na kibatali, mle ndani kuna gesi inayowaka. Na kuna gesi nyingine inayoua, ile yenye harufu ya yai viza, na ubaya wake ikiwa nyingi pua inazimia husikii harufu tena unadhani imeisha. Kwa hiyo hakuna mtu kuingia humo hata kwa dakika moja, hata kama simu imedondoka, hata kama karo limeshanyonywa likaonekana kavu. Vifo vya kwenye makaro huwa vinakwenda viwili au vitatu kwa sababu wa pili anaingia kumuokoa wa kwanza, naomba hili mlisome mara mbili.

Ukishafungua, fuata maji yanakotoka mpaka yanakoishia. Anza na chemba zile ndogo kati ya choo na tenki. Kama chemba imejaa lakini tenki liko kwenye usawa wake wa kawaida, bomba limeziba katikati, hapo unahitaji fundi na waya wa kuzibulia, gari la nini? Kama tenki lenyewe maji yamepanda juu ya bomba la kutokea, nenda kaangalie sokopiti. Sokopiti likiwa na nafasi, basi ile tii ya kutokea imezibwa na utando au pampasi. Sokopiti likiwa limejaa mpaka juu, tatizo ni ardhi, na hapo ndo hela nyingi zinapotea bure.

Kupima tope

Tafuta mti mrefu ulionyooka au bomba jembamba la plastiki la mita mbili na nusu, funga kitambaa cheupe, taulo kuukuu ndo nzuri zaidi, kuanzia chini kupanda kama mita moja, kaza na kamba. Shusha taratibu kwenye chumba cha kwanza cha tenki, kile kinachopokea kutoka chooni, mpaka uguse sakafu, subiri dakika tatu nne, kisha toa polepole bila kutikisa. Utaona alama wazi kabisa, juu taulo limelowa maji ya kijivu tu, chini limeshika weusi mzito kama uji wa ulezi ulioganda. Pima weusi huo kwa futi kamba. Kwa utando wa juu tumia mti mwingine umeupigilia kipande kidogo cha ubao mwishoni, upenyeze chini ya utando halafu uinue mpaka uhisi umekwama, weka alama usawa wa juu ya utando, ukitoa unapima toka alama hadi ubao. Vaa glovu na viatu vya mvua, na miti yako ioshe kwa maji ya dawa kisha iweke mbali, siyo ije igeuzwe ya kuanikia nguo.

Tope na utando vikijumlishwa vikafika theluthi moja ya kina cha maji, muda wa kunyonya umefika. Kina cha maji unahesabu kuanzia sakafu mpaka chini ya bomba la kutokea, siyo mpaka kwenye mfuniko. Mkichelewa zaidi ya hapo tope linaanza kutoka pamoja na maji kwenda sokopiti, linaziba vitundu vya ardhi, na sokopiti likishaharibika gharama yake ni kuchimba upya. Yaani ukiona watu wanaahirisha gari la leo, jua wanajichimbia shimo la kesho kwa hela zao.

Nyumba ya mfano

Tuchukulie nyumba iko Makorora, ina kaya sita pamoja na ya mwenye nyumba, jumla watu 20 wanaolala pale. Tenki lake kwa ndani lina urefu mita 3, upana mita 1.5, na kina cha maji mita 1.5. Zidisha, unapata mita za ujazo 6.75, yaani lita 6,750.

Mtu mmoja kwa makadirio ya kawaida anaacha tope la lita 40 hivi kwa mwaka. Watu 20 ni lita 800. Sakafu ya tenki ina mita za mraba 4.5, kwa hiyo tope linapanda kama sentimita 18 kila mwaka. Theluthi ya kina cha maji ni sentimita 50. Gawa, unapata miaka miwili na miezi tisa hivi. Hayo ni makadirio, watu wakiongezeka au wakitupa takataka chooni inafika mapema, kwa hiyo kazi ya taulo fanyeni mara moja kila mwaka mwandike tarehe na sentimita. Wakipima wakakuta tope 45 na utando 10, hiyo ni 55, waite gari. Wakikuta tope 27 na utando 5, hakuna haja, hata kama kuna mtu anasisitiza.

Sasa angalia upande wa maji. Watu 20 wakitumia lita 60 kila mmoja, pamoja na kufua na kuoga, ni lita 1,200 kwa siku. Maana yake tenki likinyonywa leo likabaki tupu, litajaa tena maji kwa siku tano au sita. Hii ndo inayozaa maneno. Mama mwenye nyumba anakuja kuchungulia anasema, "Wanangu, mbona limejaa na juzi tu limevutwa?" Mjibuni kwa upole, "Shikamoo mama, hayo ni maji tu, tope halipo." Kisha shusheni taulo mumuonyeshe, maana maneno matupu hayamalizi mashaka ya mtu aliyetoa hela.

Na sokopiti la nyumba hiyo lina upana wa mita 2, na kutoka bomba linapoingia mpaka chini ni mita 2.5. Ukuta wake wa duara una kama mita za mraba 15.7. Ardhi ya kichanga inaweza kumeza majitaka kama lita 50 kwa kila mita ya mraba kwa siku, udongo wenye mfinyanzi inashuka sana, hata chini ya 20. Tuseme wana bahati ya mchanga, ni lita 785 hivi kwa siku, wakati wao wanamwaga 1,200. Hapo hata ungeita gari kila mwezi, shimo litajaa tu, kwa sababu tangu mwanzo ni dogo kuliko idadi ya watu. Nyumba ilijengwa kwa ajili ya familia moja, baadaye uani vikaongezwa vyumba vinne vya kupangisha, sokopiti likabaki lile lile. Hili nimeliona sana Tanga na linaumiza wapangaji wasio na hatia.

Sokopiti likigoma

Kitu kinachotokea ni kwamba kwenye kuta za sokopiti kunajijenga utando mweusi wa kuteleza, vijidudu na mabaki ya mavi laini, na ukiwa mzito maji hayapiti. Kunyonya kunaondoa maji yaliyomo, ule utando unabaki. Kinachouondoa ni hewa na mapumziko. Ndo maana suluhisho linalofanya kazi kwenye nyumba ya watu wengi ni kuwa na sokopiti mbili na chemba moja ya kugawa katikati, chemba yenye matundu mawili, moja unaliziba kwa kizibo. Shimo moja linafanya kazi, lingine linapumzika miezi sita hadi mwaka, kisha mnageuza. Lililopumzika utando wake unakauka na kuoza, ardhi inaanza kumeza tena.

Kwa nyumba yetu ya mfano, shimo la pili la vipimo vile vile likifanya kazi pamoja na la kwanza wangepata lita 1,570, wamevuka ile 1,200. Lakini kwa kupokezana bado kila moja lina 785 tu, kwa hiyo lazima wapunguze maji yanayoingia. Njia rahisi ni kutoa maji ya kufulia na ya kuoshea vyombo yasiingie kwenye karo, yapelekwe kwenye shimo dogo la kokoto au kwenye migomba, hayo hayana mavi. Yakitoka hayo, matumizi yanaweza kushuka hadi lita 700 kwa siku na shimo moja linatosha huku lingine limelala. Choo cha kuvuta kinachovuja nacho kinamwaga maji usiku kucha bila mtu kujua, tia rangi ya chakula kidogo kwenye tanki la nyuma, ukiona rangi imeshuka kwenye sinki la choo kabla hujavuta, badilisha mpira wake, ni hela ndogo.

Kabla hujachimba, angalia kisima. Sokopiti likae angalau mita 30 mbali na kisima chochote, cha kwako au cha jirani, na sakafu yake ibaki juu ya maji ya ardhini kwa mita 2 hivi. Usimruhusu fundi akwambie chimba zaidi mpaka tupate maji ndo litameza vizuri, hapo utakuwa unapeleka kinyesi moja kwa moja kwenye maji ya visima. Na sehemu za karibu na bahari ambako ukichimba unakuta mawe ya matumbawe kuwa mwangalifu zaidi, yale mawe yana nyufa, maji yanapotea haraka kweli na mtu anafurahi kwamba karo halijai, lakini hayajachujwa na chochote na yanaweza kutokea kwenye kisima cha mbali.

Lini uite gari na umuulize nini

Panga kunyonya Januari au Februari, kabla ya masika, au subiri masika iishe kabisa. Machi mpaka Mei maji ya ardhini yanapanda, sokopiti linajaa kutokea chini, gari likinyonya yanarudi siku hiyo hiyo bila mtu yeyote kufungua bomba. Hicho ni kipimo kizuri pia: nyonya, zuia watu kutumia maji masaa mawili, chungulia, maji yakipanda yenyewe ni ya ardhi na hakuna gari litakalokusaidia. Tena tenki tupu wakati wa masika linasukumwa na maji kutoka nje, la plastiki linaweza kuinuka na la tofali linapasuka ukuta. Kama imebidi, nyonyeni tope, acheni maji nusu, au lijazeni maji mara moja.

Ukipiga simu kwa mtu wa gari muulize gari linabeba lita ngapi, bei ni ya tripu au ya kazi nzima, mpira wake unafika mita ngapi, anakwenda kumwaga wapi, na kama anatoa risiti. Bila kujua lita utaambiwa tripu tatu na huna cha kujibu. Tenki la lita 6,750 kwa gari la lita 5,000 ni tripu mbili, basi. Gari gani lenye kibali linafanya kazi mtaani kwako, ulizia Tanga-UWASA au kwa bwana afya wa kata. Anayekupa bei ya chini sana mara nyingi anamwaga kwenye korongo au kwenye mikoko, na mavi hayo yanaturudia sisi sisi.

Siku ya kazi mtu mmoja asimame pale. Gari linaanza na maji kwa sababu ni mepesi, na akiondoka hapo umelipia maji, tope limebaki limeganda. Mwambie arudishe maji kwa presha akoroge chini kisha anyonye tena, na anyonye vyumba vyote viwili vya tenki. Akimaliza shusha taulo lako mbele yake kabla hujalipa. Pia gari lisipande juu ya mfuniko wa karo wala lisipaki juu ya sokopiti, yale mazege hayakutengenezewa uzito huo.

Na wale wanaotapisha karo mvua ikinyesha, wanatoboa tundu mavi yaende na maji ya barabarani, hiyo ni kosa, Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009 ipo, na kabla ya sheria kuna watoto wanaokanyaga yale maji wakienda madrasa. Kipindupindu kinaanzia hapo.

Gharama: nani analipa nini

Kanuni ninayoamini ni hii, kilichojengwa ni cha mwenye nyumba, kinachojazwa ni cha wanaojaza. Tenki kupasuka, mfuniko kuvunjika, bomba lililolazwa vibaya, mizizi ya mwembe, sokopiti dogo au lililokufa, hayo yote alipe mwenye nyumba, kwa sababu atabaki nayo wapangaji wote wakihama. Tope la tenki walipe wanaolala pale, na mwenye nyumba akiwa anaishi pale naye ahesabiwe vichwa vyake. Bomba likizibwa na pampasi au pedi na ikajulikana imetoka chumba gani, walipe wao, isipojulikana wagawane. Ndo maana nilisema ukague kwanza, jibu la nani alipe linatoka kwenye kile ulichokikuta shimoni. Gari likiitwa kwa ajili ya sokopiti lisilomeza, wapangaji wasichangishwe.

Kugawa kwa chumba si haki. Kijana anayelala peke yake analipa sawa na familia ya watu sita, lazima anune. Gaweni kwa vichwa. Rudi kwenye nyumba yetu, tuseme tripu moja ni 110,000, tripu mbili 220,000, hii ni hela ya mfano tu, bei ya kweli mtaisikia kwa mwenye gari. Kaya ya kwanza ina watu 6, ya pili 2, ya tatu kijana 1, ya nne 5, mwenye nyumba 4, na ya sita ni mama lishe anaishi na binti yake, wako 2 lakini anapika biashara na masufuria anaoshea pale pale, mafuta yanaingia kwenye tenki na utando unakuwa mzito. Walikaa wakakubaliana naye kwa amani kwamba biashara ihesabiwe vichwa 2 zaidi. Jumla inakuwa hesabu ya vichwa 22, kila kichwa 10,000. Wa kwanza analipa 60,000, wa pili 20,000, kijana 10,000, wa nne 50,000, mwenye nyumba 40,000, mama lishe 40,000. Watoto wachanga wanaovaa pampasi wengine hawawahesabu, ni sawa, mradi pampasi zenyewe ziende jalalani.

Shida ya kuchangishana siku ile ile ni kwamba kuna mtu amehamia juzi. Kijana wa chumba cha tatu ana miezi 3 tu pale, tope la miaka miwili siyo lake. Kama hamna akiba, hesabuni vichwa mara miezi: yeye ni 1 mara 3, ni 3, familia ya watu sita iliyokaa miezi 24 ni 144, mnajumlisha ya wote halafu kila mtu analipa sehemu yake. Inachosha lakini inakata maneno.

Ila iliyo bora ni kuweka kidogo kidogo. Shilingi 500 kwa kichwa kwa mwezi, vichwa 22 ni 11,000 kwa mwezi, ndani ya miezi 20 ile 220,000 imetimia na tenki bado halijafika theluthi. Kinachozidi kinabaki cha kupanda kwa bei na kuzibua bomba. Wenye nyumba wengi wanachukua kodi ya miezi sita, basi hapo hapo mtu aongeze 3,000 kwa kichwa, anaandikiwa kwenye daftari tofauti na kodi. Anayehama harudishiwi, maana alicholipia amekiacha shimoni, na anayehamia anaanza upya bila deni la wenzake. Hela ikae kwa watu wawili, mwenye nyumba na mpangaji mmoja aliyechaguliwa, kila mtu aone daftari akitaka, na risiti ya gari ipigwe picha iwekwe kwenye grupu la nyumba. Na siku ya kwanza kabisa ya mfumo huu mwenye nyumba anyonye kwa hela yake, au mpime tope muandike, ili akiba isianze kulipia ya miaka ya nyuma.

Kwenye mkataba andikeni kitu kama hiki, mnaweza kukinakili mkabadilisha namba:

"Mpangaji atalipa Sh. 500 kwa kila mtu anayeishi chumbani kwake kila mwezi kwa ajili ya kunyonya septiki tenki. Tenki litapimwa kila mwaka mwezi wa Januari mbele ya mwenye nyumba na mpangaji mmoja, na litanyonywa tope na utando vikifika theluthi ya kina cha maji. Matengenezo ya tenki, chemba, mabomba na sokopiti ni ya mwenye nyumba. Idadi ya watu ikibadilika kwa zaidi ya mwezi mmoja, mpangaji atatoa taarifa. Hela iliyolipwa hairudishwi mpangaji akihama."

Vitu vya kutoingiza chooni mvibandike mlangoni: pampasi, pedi, vitambaa, kondomu, mafuta ya kupikia, mabaki ya chakula, majivu, mchanga wa kusugulia sufuria. Mchanga ndo mbaya kimya kimya, hauozi, unakaa chini ya tenki mpaka gari lenyewe linashindwa kuunyonya. Maji ya mvua ya bati nayo yasielekezwe kwenye chemba. Mafuta ya taa na jiki nyingi zinaua vijidudu vinavyoozesha mle ndani, jiki ya kusafishia sakafu kidogo haina neno, ila dumu zima kumwagwa ili kuua harufu ni kujiumiza. Na zile dawa za unga zinazouzwa kwamba karo halitajaa tena, msinunue kwa hela ya akiba, hakuna unga unaoyeyusha mchanga, na tope la miaka miwili halina pa kwenda isipokuwa kwenye gari.